Mashtaka ya Bwana Harusi kwa Lugha Mbili

Mangi aliweka uma mezani, akamwonyesha bwana harusi kwa kidole, akamwambia mjomba wa bibi harusi: "Mzee, mwangalie vizuri mtu unayempa mtoto wako. Huyu ni Mpare. Ukimdhulumu kuku, atauza ng'ombe amlipe wakili."

Nikaigeuza kwa Kijerumani, neno kwa neno.

Meza ikanyamaza. Hawakukasirika, hilo ningelimudu. Walitabasamu midomo ikiwa imefungwa, kisha macho yote yakahamia kwa bwana harusi kuangalia kama ameumia. Naye alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na kicheko chake kikazidisha balaa. Nilimwona shangazi mmoja akimtazama kwa huruma, kama mtu aliyezoea kutukanwa tangu utotoni hata hajui tena kukasirika.

Ilikuwa Jumatano usiku, Raskazone, Tanga, pweza wamekwisha kwenye sahani na upepo wa bahari unapeperusha tishu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mangi alikuwa amepangiwa kutoa hotuba ya rafiki mbele ya ukumbi mzima, na mimi, kwa kuwa naongoza watalii na Kijerumani ndicho kinachonilisha, nilikuwa nimepangiwa kusimama naye.

"Dada," akaniambia wakati wa kutoka, "kama hiyo imewashinda, basi hotuba yote imewashinda. Sina nyingine."

Hotuba ambayo kwetu haipo

Harusi zetu mnazijua. Mpambe anakaa meza kuu, anashika pete, anamfuta bwana harusi jasho, na mdomo wake unafanya kazi ya kula tu. Ukumbi ni wa mshereheshaji. Nasaha ni za wazee. Rafiki akipewa kipaza sauti ni kwa ajili ya kutaja kiasi cha zawadi.

Upande wa bibi harusi mambo ni tofauti. Kwao rafiki wa karibu anatarajiwa kusimama na kuzungumza: amcheke mwenzake kidogo, amsifu kidogo, kisha watu wanyanyue glasi. Mama wa bibi harusi aliomba hivyo tangu mwanzo, na kamati ikakubali bila kuuliza maana yake. Mshereheshaji akatupa dakika kumi.

Rasimu ya Mangi, niliyomsomesha kwa sauti huku nikiangalia saa, ilichukua dakika nane kwa Kiswahili peke yake. Ukiweka na Kijerumani ni kumi na sita, na hapo hakuna aliyecheka bado. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza hotuba ibaki ya dakika nne. Mangi ni Mchaga wa Rombo, muuza vipuri. Kumwambia apunguze maneno ni sawa na kumwambia apunguze bei.

(Hiyo ninayo ruhusa ya kuisema. Mimi ni mtu wa Same.)

Ruhusa inakaa wapi

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja. Kwa nini sisi tulicheka?

Utani wenyewe si mpya. Kila Mpare ameshausikia kuhusu kuku na ng'ombe, na kila Mchaga ameshaambiwa kwamba maiti ya kwao ikisikia sarafu imeanguka itaamka. Hatuchekeshwi na habari. Tunacheka kwa kuwa Mchaga amemsema Mpare, na tangu alipofungua mdomo tulijua kwamba anayo haki hiyo, kwamba haruhusiwi kukasirikiwa, na kwamba zamu ya Mpare inakuja. Ruhusa imo ndani ya majina ya makabila yenyewe. Haitamkwi kwa sababu haijawahi kuhitaji kutamkwa.

Sasa mpe Mjerumani sentensi hiyohiyo. Anasikia kabila, halafu anasikia kasoro ya kabila. Basi. Na historia ya kwao imewafundisha kuogopa sentensi ya umbo hilohilo: taja kundi la watu, kisha taja ubaya wao, hasa ukiwa ubaya wa fedha. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, na usahihi huo ndio uliowapa kitu cha kutisha.

Nilijaribu kwanza dawa inayokuja haraka, ya kueleza baadaye. "Msijali, hawa ni watani." Lakini maelezo yakija nyuma ya utani yanafanana na kuomba radhi. Msikilizaji ameshasitasita, na sasa unamthibitishia kwamba kweli palikuwa na jambo la kusitasita. Ruhusa lazima itangulie. Tena iingie kwa sentensi moja au mbili, kwa sababu hakuna mtu anayetaka mhadhara wa makabila ya Tanganyika wakati biriani linapoa.

Sentensi gani, sikuwa nayo.

Wapumbavu wa Rottweil

Alinipa bibi harusi, bila kujua.

Nilimuuliza tukiwa saluni, amekaa mikono imenyooshwa hina ikauke: kwenu kuna mtu yeyote anayeruhusiwa kukusema mbele za watu, nawe ukalazimika kucheka?

Hakufikiri hata kidogo. Kwao ni Rottweil, mji mdogo wa zamani kusini magharibi mwa Ujerumani, upande wa Waswabia. Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu, saa mbili asubuhi, watu waliovaa vinyago vya mbao na njuga wanatoka chini ya lango la kale la mji na kushuka barabara kuu. Wanaitwa wapumbavu, na ni heshima kuitwa hivyo. Baadhi yao wamebeba vitabu vikubwa vyenye michoro. Mpumbavu akimwona mtu anayemfahamu ukingoni mwa barabara, anasimama mbele yake, anafungua kitabu na kumsomea vituko vyake vya mwaka mzima: nani aliingiza gari mtaroni, nani alialika wageni akasahau. Anayesomewa anasimama na kupokea. Kukasirika ndiyo aibu.

"Kitabu?" nikamuuliza.

"Kitabu."

Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba Ujerumani nzima huwatania Waswabia kwa ubahili. Babake, alisema, huwa anazima injini ya gari kwenye mteremko.

Nilimpigia Mangi simu nikiwa nje ya saluni. Nikamweleza wapumbavu, kitabu, ubahili, mteremko. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda, halafu akasema, "Hao ni Wapare."

Mchana uleule alikuja kwangu na kaunta buku. Kwaya mbili, jalada gumu, kwenye kibandiko ameandika kwa maka: JAMHURI DHIDI YA BWANA HARUSI.

Hotuba inakuwa kesi

Kila kitu kilibadilika pale. Rasimu ya kwanza ilikuwa mlolongo wa vichekesho, kimoja hapa kingine pale, na kila kimoja kilidai maelezo yake. Kaunta buku iliviweka vyote ndani ya nyumba moja. Mpare anapenda kesi, basi ashtakiwe. Waswahili wataona mahakama, watu wa Rottweil wataona kitabu cha mpumbavu, na hakuna upande utakaohitaji kufundishwa wa mwenzake.

Mashtaka yakabaki matatu. La kwanza: kwamba shuleni, bweni, alifunga kopo lake la siagi kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni mahali ambapo wenzake walivaa rozari. La pili: kwamba safari ya kwanza na bibi harusi, kwenda mapango ya Amboni, alimpeleka kwa daladala, na kabla hajamwambia neno lolote la mapenzi alimdai kondakta chenji. La tatu: kwamba kidato cha tatu alikopa kwa Mangi shilingi mia tano na hajalipa hadi leo.

Shtaka la pili lilitupa kazi ndogo. Mgeni hajui chenji ya daladala ni vita ya namna gani. Lakini Amboni wageni walikuwa wameshapelekwa juzi yake, si mbali, kama kilomita nane kutoka mjini, na walikuwa wamepanda daladala wenyewe kwa kutaka. Kwa hiyo kitu nilichotakiwa kueleza walikuwa nacho miilini, magoti yamewagonga vitini. Sikuongeza neno.

Palikuwa pia na kipande cha Coastal Union. Mangi alitaka kusema kwamba bibi harusi asiogope kuachwa, maana huyu mtu hajui kuacha: ni mshabiki wa Coastal tangu utoto. Kwa mtu wa Tanga hapo pameisha, cheka. Kwa mtu wa Rottweil ni jina tu la timu. Wazo la kwanza lilikuwa kuibadilisha kwa Kijerumani iwe Stuttgart, timu ya kwao. Nikakataa. Wangejiuliza Mpare ameipatia wapi Stuttgart, na wakati wanajiuliza kicheko kimepita. Tukaiacha Coastal na kumwomba Mangi aweke mwaka: timu iliyochukua ubingwa wa Bara mara ya mwisho mwaka 1988, kabla bwana harusi hajazaliwa, na bado kila Agosti anasema "mwaka huu". Mwaka ulifanya kazi yote. Kila mtu anajua maana ya kusubiri kitu tangu kabla ya kuzaliwa.

Vilivyobaki nje

Nyuki walibaki nje. Mangi alikuwa na sentensi nzuri sana: mara ya mwisho Wajerumani kujaa Tanga hivi ilikuwa Novemba 1914, na nyuki ikabidi waingilie kati. Sisi tunaokijua kisa cha vita vya nyuki tungevunjika mbavu. Wao wangecheka pia, lakini kile kicheko cha mtu asiyejua kama anaruhusiwa, maana wengi wao wanaona haya kuhusu ile miaka. Mjomba wa bwana harusi ndiye aliyekata shauri. "Yale yana siku yake," alisema, akaendelea kumenya chungwa.

Mahari ilitaka kubaki nje, ikarudi kwa mlango mwingine.

Kwenye rasimu, Mangi alisema "ng'ombe wamelipwa, risiti ninayo." Kwetu ni mzaha mwepesi. Kwa Kijerumani, hata ningeipamba vipi, watu thelathini wangerudi kwao wakisimulia kwamba binti yao alinunuliwa. Tulibishana. Mangi alisema mahari ni mila, kwa nini tuifiche kama kosa? Nikamwambia sifichi mila. Sentensi yako inazungumzia risiti, na mgeni atasikia biashara kwa sababu umesema biashara.

Halafu bwana harusi, aliyekuwa kimya, akatukumbusha jambo ambalo kamati yote ililijua: baba wa bibi harusi alikataa mahari. Alipoulizwa anataka nini, alisema hataki chochote. Wazee wa Same walikaa siku mbili wakijadili mtego uko wapi.

Basi ikaandikwa hivi: "Aliposikia mahari ni bure, akatafuta wakili. Mpare akipewa kitu bure, anajua kesi inakuja."

Hiyo haikunipa shida kwa lugha yoyote. Kila upande ulikuwa unamjua mtu wake ndani ya kisa.

Vicheko viwili

Kuna jambo la kiufundi ambalo kwa watalii halinisumbui, lakini ukumbini linaua.

Ukitafsiri kwa zamu, kila utani unachekwa mara mbili. Waswahili wanacheka kwanza, na kicheko chao kinameza mwanzo wa Kijerumani. Ukisubiri waishe kabisa, ukumbi umepoa, na wageni wanacheka peke yao huku wenyeji wakiwatazama kama watu waliochelewa basi. Mtu akitazamwa akicheka, anaacha. Utani unaofuata hacheki tena, anasubiri kwanza kuona.

Tulifanya mambo machache. Vipaza sauti viwili, maana kupokezana kimoja kunakula sekunde, na kicheko hakina sekunde za kutoa. Mimi nilisimama hatua moja nyuma ya bega la Mangi, ili anayetafuta sauti yangu amwone yeye. Nilianza kusema kicheko kikiwa kinashuka, kabla hakijafika chini. Na kwa Kijerumani nilipanga kila sentensi neno linalochekesha liwe la mwisho kabisa, halafu nafunga mdomo. Usiku wa Jumatano "wakili" alikuwa katikati ya sentensi yangu, na baada yake nilikuwa na maneno mengine manne yasiyo na faida. Ukiendelea kusema baada ya kichekesho, unawaambia watu kwamba bado hakijafika.

Lakini kwa shtaka la tatu, lile la mwisho, nilitaka kicheko kimoja. Na kicheko kimoja hakipatikani kwa maneno, kwa kuwa maneno lazima yapite kwa mmoja wetu kwanza.

Kwa hiyo tuliyamaliza maneno mapema. Mangi angesoma deni la mia tano, mimi ningelisema, kimya. Halafu bila neno angechana karatasi kutoka kaunta buku, hati ya madai yenye muhuri wa duka la vipuri, atembee hadi meza kuu, ampite bwana harusi, aiweke mbele ya baba mkwe.

Deni limehama. Hilo linaonekana kwa macho.

Amina

Baraka nilidhani ni rahisi. Amina ni Amina, kwao inatamkwa karibu vilevile.

Tulipojaribu na kamati Alhamisi jioni nikagundua shida. Mangi akisema "Mungu awajalie...", Amina inatoka yenyewe. Haisubiri mtu. Sikio la Mswahili likishasikia "awajalie", "awabariki", "awaepushe", mdomo unajibu. Kwa hiyo Amina kubwa ilikuwa inatoka kabla sijafungua mdomo, kisha nasema Kijerumani, kisha panatoka Amina ya pili, nyembamba, ya watu thelathini wenye haya. Ilisikika kama baraka za daraja la pili.

Tukageuza. Kwenye baraka, na huko tu, mimi ndiye niliyetangulia. Kijerumani kwanza, kwa sauti ya chini, huku Mangi amenyanyua mkono, Kiswahili kinafuata, Mangi anashusha mkono, ukumbi wote unajibu mara moja. Wageni wameshajua kilichoombwa, wanasubiri tu mkono. Wenyeji hawajui nimesema nini, lakini wanajua kinachokuja. Mshereheshaji aliwafundisha wageni mkono ule kabla ya chakula, pamoja na vigelegele, ambavyo baba mmoja wa Kijerumani alivipiga vizuri kuliko nilivyotarajia na hakuacha hadi usiku wa manane.

Baraka zikawa tatu tu. Afya. Riziki isiyo na deni, kwa sababu za wazi. Na ya tatu.

Ya tatu

Bibi harusi aliniomba kitu kimoja. Asiombewe watoto hadharani. Hakunieleza sababu na sikuiuliza. Ana miaka arobaini na kitu, na shangazi zake walikuwa meza ya pili.

Bibi yake bwana harusi, aliyeletwa kutoka milimani kwa gari la kukodi na kukalishwa kwenye kiti chenye mto, alikuwa amekuja kusikia hiyo tu.

Kwetu baraka ya ndoa isiyotaja uzao inasikika kama imekatwa. Wazee wangeona. Kwa Kijerumani, mbele ya ukoo, kumwombea mwanamke watoto ni kumsukuma. Na njia ya mkato niliiona, kama ninavyodhani kila mkalimani ameshaiona: Mangi aseme watoto kwa Kiswahili, mimi niseme kitu kingine kwa Kijerumani. Nani atajua?

Bibi harusi atajua. Anakisikia Kiswahili vizuri. Zaidi ya hapo, mtu wa katikati akishaanza kusema mambo mawili tofauti, hakuna tena anachokisema.

Tuliigeuza sentensi mpaka karibu saa sita usiku, mimi, Mangi na mke wake. Mke wa Mangi ndiye aliyeipata: "Nyumba yenu isikose sauti ya mtoto."

Nikaisema kwa Kijerumani polepole, nikijisikiliza. Nyumba ambayo watoto hawakosekani. Inaweza kuwa wa kuzaa. Inaweza kuwa wa dada, wa jirani, wanaokuja likizo kutoka Same na kumaliza maziwa. Haikumwahidi bibi kitu, wala haikumwomba bibi harusi kitu. Nilimtumia bibi harusi usiku uleule. Akajibu kwa neno moja, ndiyo.

Jumamosi, Mangi aliposhusha mkono kwa mara ya tatu, bibi wa milimani alisema Amina akaongeza kigelegele kirefu cha peke yake. Meza ya pili, shangazi wawili walishikana mikono. Sijui kila mmoja aliipeleka wapi sentensi ile.

Risiti

Siku ya harusi mshereheshaji alipotukaribisha, mimi ndiye niliyesema kwanza, kwa Kijerumani tu. Sentensi mbili. Kwamba mtakayemsikia ni mpumbavu wa Rottweil asiye na kinyago, ambaye kwa mila ya kwetu ana ruhusa mwaka mzima. Na kwamba atakayekasirika ndiye atakayeaibika. Wakaanza kucheka kabla Mangi hajasema kitu. Alipoinua kaunta buku juu wakapiga meza kwa viganja.

Kopo la siagi lilipita vizuri. Daladala ilipita vizuri zaidi. Kwenye mahari, meza ya Same ilisimama. Halafu lile la mwisho: karatasi, mwendo wa taratibu, baba mkwe.

Kicheko kilikuwa kimoja. Nilikuwa nimekisubiri tangu Alhamisi, na kilipokuja nilisahau kidogo kwamba nilitakiwa kusimama pale.

Baba mkwe aliisoma hati yote, mbele na nyuma. Akatoa miwani, akatoa pochi, akaweka noti mezani. Kisha akamwangalia Mangi, akasema neno moja kwa sauti ya kutosha ukumbi.

Hilo halikuwa kwenye maandalizi. Nikashika kipaza sauti: "Mzee anaomba risiti."

Wapare walimbeba. Sisemi kwa mafumbo, walimnyanyua na kiti chake. Mjomba aliyekataa nyuki alikuwa anapiga kelele, "Ni wa kwetu huyu! Ni wa kwetu!" Ilibidi mshereheshaji aombe utulivu ili glasi zinyanyuliwe, shampeni kwa hawa na juisi ya ukwaju kwa wale. Nikawatangazia Waswahili imani ya Wajerumani: unapogonganisha glasi mtazame mwenzako machoni, la sivyo ni miaka saba ya mkosi. Mkosi wa namna gani, na chumba kipi, niliwaachia vijana wa Rottweil waeleze wenyewe.

Albamu

Tangu hapo zimepita wiki nyingi. Nimechelewa kuandika haya kwa sababu ya barua pepe ya mama wa bibi harusi. Anatengeneza albamu ya kuchapwa, anataka hotuba ya Mangi iingie yote, kurasa mbili zinazotazamana: Kiswahili kushoto, Kijerumani kulia.

Kiswahili kipo, kaunta buku ninayo. Kijerumani nacho kipo, kwenye vikadi vyangu. Nikavipanga sambamba nikaona vinavyopishana. Zile sentensi mbili za mpumbavu hazina mwenzake upande wa kushoto, Mangi hakuzisema. Kwenye ukurasa, chini ya jina lake, zitaonekana ni zake. Nikiziondoa, ukurasa wa kulia unaanza na Mpare, kuku na ng'ombe, na mjukuu atakayeifungua albamu hiyo Rottweil miaka ishirini ijayo atakunja uso kama shangazi yule.

Nilimuuliza Mangi. "Ziandike zangu tu," alisema. "Si nilicheka nilipozielewa?"

Mume wangu alisema niziweke chini kwa herufi ndogo. Bibi harusi hakutaka herufi ndogo. Alisema maelezo ya chini ni ya makaburi ya wafalme.

Kilichonisumbua zaidi ya mpumbavu ni baraka ya tatu. Ukumbini ilipita na mkono wa Mangi na sauti ya bibi, kila mtu akachukua yake. Kwenye karatasi itakaa uchi, pande mbili, na mtu ana muda wa kuipima. Niliisoma na kuirudia nikitafuta upande unaodanganya. Sikuuona. Nimeiacha ilivyo, bila maelezo, na bibi harusi ameiona kabla haijaenda.

Sentensi zangu mbili nazo nimezipeleka, upande wa kulia, mwanzo kabisa, chini ya jina langu. Upande wa kushoto mkabala nazo nimeacha wazi. Mchapaji ameshaandika kuuliza kama kuna maneno yamedondoka pale wakati wa kutuma. Nimemjibu kwamba hayakudondoka, aache nafasi hivyohivyo, kisha aanze na Mangi.